Ndoo mbili za maji: ugomvi upi wanafunzi wasuluhishe wenyewe, na upi usifike mezani kwao

Neema wa kidato cha pili anaamka saa kumi na moja alfajiri na kukuta ndoo yake tupu. Maji aliyachota jana jioni, akayafunika na kusukuma ndoo chini ya kitanda. Asha, anayelala juu yake kwenye dabodeka hiyo hiyo, ameshayaoga. Neema anachelewa mstarini, anapewa adhabu ya kufagia uwanja, na mchana anaishusha sare ya Asha kutoka kwenye kamba na kuitupa kwenye tope. Hadi kufika muda wa kujisomea usiku, darasa limegawanyika, na kuna mtu ameandika "mwizi" kwenye dawati la Asha.

Bweni la jirani, mwanafunzi wa kidato cha kwanza naye hana maji asubuhi hiyo. Kila jioni huchota ndoo mbili, moja yake na nyingine ya dada wa kidato cha nne. Siku ambazo dada huyo anafua, zote mbili huwa za dada. Huyu hajagombana na mtu wala hajalalamika.

Majina na shule ni vya mfano, lakini aliyepita bweni lolote la sekondari Tanzania anayajua maisha haya. Nimeziweka ndoo hizi mbili pamoja kwa sababu juu juu zinafanana, na mwalimu mwenye haraka anaweza kuziandika zote kwenye daftari kama "ugomvi wa maji". Ya kwanza inafaa kabisa kumalizwa na wanafunzi wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Ya pili ikipelekwa kwa wanafunzi hao, itamwumiza mtoto kuliko kama ingeachwa bila kuguswa. Shule zinazoanzisha usuluhishi rika hutumia nguvu nyingi kufundisha namna ya kuendesha kikao, na nguvu kidogo mno kuamua nani aingie kwenye kikao hicho. Nadhani kipaumbele kingepaswa kuwa kinyume.

Kikao kinavyokwenda

Utaratibu huu si mgeni duniani. Huko San Francisco, shirika la usuluhishi wa mitaani liitwalo Community Boards lilianza kuwafundisha wanafunzi kusuluhisha wenzao mwaka 1982, na katika jimbo la Minnesota, huko huko Marekani, ndugu wawili, David na Roger Johnson, walijenga mpango ambao ndani yake kila mwanafunzi wa shule hufundishwa, wala si kikundi kidogo. Shule nyingi huchagua njia ya kikundi kwa sababu ya gharama na muda. Nitazungumzia hiyo.

Turudi kwa Neema na Asha. Mwalimu wa ushauri na unasihi, ambaye ndiye mratibu, anaongea na kila mmoja peke yake kwa dakika kumi hivi kabla ya jambo lingine lolote. Akiridhika kwamba wote wawili wanataka kukaa pamoja na hakuna anayemwogopa mwenzake, anachagua wasuluhishi wawili wa kidato cha tatu ambao hawalali bweni hilo na si marafiki wa upande wowote. Wawili ni bora kuliko mmoja: mmoja akiteleza, mwenzake yupo, na hakuna anayeweza kudai baadaye kwamba msuluhishi alisema neno ambalo hakusema.

Chumba kina mlango unaofungika, na mwalimu yuko karibu, nje ya upeo wa kusikia. Viti vinapangwa ili Neema na Asha wasikae wakitazamana uso kwa uso, maana macho ya mtu uliyemkasirikia hukupandisha hasira. Msuluhishi anafungua kwa kueleza masharti. Hakuna kukatizana wala matusi, na yeyote anaweza kuomba kikao kisimame. Kisha anaeleza kwamba wao hawako pale kuamua nani mkosaji.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kwa wanafunzi wetu. Picha ya usuluhishi waliyokua nayo nyumbani ni ya wazee kukaa, kusikiliza pande zote, kisha mmoja kutamka: fulani umekosa, mwombe mwenzio radhi, yaishe. Njia hiyo ina heshima yake na inafaa pale wazee wana mamlaka ya kutosha ya kusimamia walichoamua. Kijana wa miaka kumi na sita hana mamlaka hayo juu ya kijana wa miaka kumi na tano. Akitoa hukumu, aliyeshindwa atatoka na maadui wawili badala ya mmoja.

Neema anaeleza kwanza, kisha Asha. Baada ya kila mmoja, msuluhishi anarudia aliyoyasikia kwa maneno yasiyo na mwiba. Neema amesema, "Huyu ni mwizi tu, anajifanya rafiki halafu anakuibia." Msuluhishi anarudia: "Uliamka ukakuta maji uliyoyachota hayapo, ukachelewa, ukaadhibiwa, na inakuuma zaidi kwa sababu ni mtu uliyemwamini." Neema anatikisa kichwa kukubali. Kwa mara ya kwanza Asha amelisikia jambo lile bila neno "mwizi" ndani yake.

Asha anapoongea, jipya linatoka. Kwa wiki kadhaa Neema amekuwa akitumia sabuni yake ya kufulia bila kuomba, na Asha alichukulia kwamba wanashirikiana vitu. Maji aliyachukua kwa mazoea hayo hayo. Kilichomchoma si sare kutupwa, maana sare hufuliwa. Ni neno lile kwenye dawati, kwa sababu sasa kila kitu kikipotea bwenini wanamtazama yeye. Neema hakujua hilo. Anasema hakuliandika yeye, ingawa anakubali kwamba aliyesambaza neno hilo ni yeye.

Kuanzia hapo kazi ni kutafuta nini kifanyike. Msuluhishi hapendekezi. Anauliza, "Mngependa ikoje kuanzia kesho?" na kungoja, hata kimya kikiwa kirefu. Makubaliano yanaandikwa kwa maneno yao, yakiwa na vitendo vinavyoonekana. Hakuna anayechukua maji au sabuni ya mwenzake bila kuomba, na asipokuwepo ndiyo hakuna kuchukua. Neema atawaambia wasichana wanne aliowatajia neno lile kwamba Asha si mwizi, na atafanya hivyo kesho kabla ya chakula cha mchana. Asha atachota ndoo moja ya Neema Jumamosi. Watafuta dawati pamoja. Ahadi ya "tutapendana na kuheshimiana" haifai kuandikwa, kwa sababu hakuna atakayeweza kusema kama imetimizwa au la.

Wasuluhishi wanawaona tena baada ya wiki moja, kisha baada ya wiki tatu. Wiki ya tatu ina maana yake. Samahani nyingi hudumu siku chache kwa sababu ya haya, na ugomvi ambao haukufikia kiini huibuka tena pale sababu nyingine ndogo inapopatikana.

Ndoo ya pili

Sasa fikiria kikao hicho hicho, masharti yale yale, wasuluhishi wale wale wazuri, lakini waliokaa ni yule wa kidato cha kwanza na dada wa kidato cha nne. Kila mmoja anaeleza. Dada anasema njuka wote huchota maji, hata yeye alichota. Mdogo anasema kwa sauti ndogo kwamba anachoka. Msuluhishi anarudia kwa ufundi, anauliza wangependa ikoje. Mdogo anamtazama dada kabla ya kujibu. Mwishowe wanaandikiana: atachota siku tatu kwa wiki, siyo saba.

Kwa hesabu za daftari, kikao kimefaulu. Kuna makubaliano, yamewekwa sahihi, yanatekelezeka na yanaweza kufuatiliwa. Kilichotokea kwa kweli ni kwamba shule imempa dada karatasi inayothibitisha kuwa ana haki ya maji ya mtoto mwingine siku tatu kwa wiki, na mtoto mwenyewe ameitia sahihi.

Hilo halikutokana na uzembe wa msuluhishi. Limetokana na usuluhishi wenyewe, kwa sababu umejengwa juu ya dhana kwamba kila upande una kitu cha kutoa na kitu cha kupata, na kwamba kila mmoja anaweza kusema "hapana" akaondoka salama. Anayeonewa hana cha kutoa zaidi ya alichokwisha kunyang'anywa, na akisema hapana, usiku atalala bweni lile lile. Kumtaka akutane nusu njia na anayemwonea ni kumwambia kwamba nusu ya uonevu ule ni haki.

Mtafiti Dan Olweus, ambaye kazi yake ilikuwa msingi wa kampeni ya kitaifa ya Norway dhidi ya uonevu shuleni mwaka 1983, aliutambua uonevu kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kujirudia, na tofauti ya nguvu kati ya wawili. Katika shule zetu, hilo la tatu ndilo la kuangalia kwanza. Nguvu inaweza kuwa mwili, lakini mara nyingi ni kidato, ukiranja, kundi la marafiki, pesa ya matumizi, au siri ambayo mmoja anaijua juu ya mwingine.

Mwaka 2009 Maria Ttofi na David Farrington walichapisha mapitio ya tathmini za mipango ya kupambana na uonevu shuleni kutoka nchi mbalimbali. Kwa jumla mipango hiyo ilisaidia, lakini kipengele cha kuwatumia wanafunzi wenzao, ambamo usuluhishi rika uliwekwa pamoja na ulezi wa rika na mengineyo, kilihusiana na ongezeko la walioonewa. Watafiti wengine wamebishana juu ya matokeo hayo, hasa kwa kuwa mambo tofauti yalitiwa kapu moja. Hata hivyo yanaelekea kule kule anakokuona mtu anayekaa bwenini: mtoto anayeonewa akiwekwa mbele ya wanafunzi wenzake kulieleza jambo lake, anayemwonea anajua nani amesema, amesema nini, na kwamba watu wazima wamekaa pembeni.

Mchujo

Kwa hiyo dakika kumi za mratibu na kila mmoja ndizo nguzo ya mpango mzima. Ni kazi ya mtu mzima, wala haikabidhiwi kwa wanafunzi hata wakiwa na uzoefu kiasi gani. Maswali yenyewe ni ya kawaida. Hili limetokea mara ngapi? Ungeweza kukataa? Ungekataa, ingekuwaje? Kuna wengine wanafanyiwa hivyo hivyo? Ukiambiwa ukae naye chumba kimoja kesho, utajisikiaje? Kuna jambo ambalo usingependa alijue kwamba umeniambia?

Swali la tatu lina uzito wa pekee. Muulize Neema nini kingetokea kama angekataa Asha asitumie maji yake, atasema wangenuniana. Muulize yule mdogo kama angekataa kuchota, atanyamaza, au atasema "sijui" huku akishika ncha ya sweta. Ukimya huo ni jibu, na anayeuliza hahitaji maelezo zaidi ili kuamua kwamba shauri hili haliendi kwa wasuluhishi.

Majibu haya hayana thamani yakichukuliwa wawili wakiwa pamoja. Nasisitiza kwa sababu ndivyo inavyofanyika mara nyingi: mwalimu wa zamu anawakuta wawili, anawauliza pale pale koridoni, "Mnataka mkasuluhishwe?" na wote wanaitikia ndiyo. Mdogo angeitikia chochote.

Kuna mashauri mengine ambayo mratibu hahitaji hata kuyapima, yanapita moja kwa moja kwa watu wazima. Pigo lililojeruhi, silaha ya aina yoyote, vitisho vya kuua au kuchoma, dawa za kulevya, na mwanafunzi anayezungumza kujiua. Mgogoro kati ya mwanafunzi na mwalimu nao haumo, maana hakuna mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeweza kusawazisha nguvu ya mtu anayemsahihishia mitihani. Wizi haumo pia kama mtuhumiwa anakana. Usuluhishi hauna njia ya kuchunguza ukweli, na wasuluhishi wakianza kupekua matranka wameshageuka kitu kingine. Asha hakukana kuchukua maji, ndiyo maana kikao kile kiliwezekana.

Jambo la kingono, hata likiletwa kwa jina la mapenzi, halikai mezani kwa wanafunzi hata dakika moja. Msichana anayelalamika kwamba mvulana wa darasa lake anamshikashika, au kwamba picha yake inazungushwa kwenye simu, hana "kutoelewana" na mtu. Na ikitajwa kwamba mwenye kuhusika ni mtu mzima, ni suala la polisi: tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni kosa lenye kifungo cha miaka 30. Historia ya familia kulimaliza jambo la namna hiyo kimya kimya, kwa fidia na kupeana mikono, inajulikana. Mpango wa shule usiwe mlango mwingine wa kulimalizia huko huko.

Mgomo nao hauwahusu. Chakula kikiwa kibovu na wanafunzi wamekataa kuingia darasani, kuna viongozi wa serikali ya wanafunzi, kuna uongozi wa shule na bodi yake. Wasuluhishi wakitumwa kutuliza wenzao, kesho hakuna atakayewaeleza jambo lake, kwa kuwa watahesabiwa kuwa watu wa ofisi.

Siri ambayo haiahidiwi

Mchujo mzuri bado hautazuia kila kitu. Watu hufungukia ndani ya kikao mambo ambayo hawakumwambia mwalimu, ndiyo maana maneno ya kufungulia kikao yanapaswa kukaririwa karibu neno kwa neno. Mimi ningeyaandika hivi: "Mtakayosema hapa hatutayasimulia kwa mtu. Lakini yapo ambayo hatuwezi kukaa nayo: mtu akituambia anaumizwa au ameumizwa, akituambia anataka kujidhuru, au akituambia kuna mtu anapanga kumdhuru mwingine. Hayo tutampelekea mwalimu, na tutakuambia kwanza kabla ya kwenda."

Yasemwe mwanzoni, kila mara, hata kwa ugomvi wa kalamu. Msuluhishi aliyeahidi siri kamili, kisha akakimbilia kwa mwalimu baada ya kusikia jambo zito, amevunja ahadi mbele ya mtoto aliyekwisha kuvunjiwa nyingi. Na yule aliyeahidi siri kamili akaishika, yuko pabaya zaidi: anabeba peke yake, usiku na mchana, jambo ambalo hata mtu mzima hulibeba kwa shida.

Tuseme katikati ya kikao cha Neema na Asha, Neema analia na kusema kwamba hakasiriki kwa ajili ya maji, ni kwamba hataki kurudi nyumbani likizo kwa sababu ya mjomba. Hapo kikao kimekwisha. Msuluhishi mmoja anabaki na Neema, mwingine anamtoa Asha taratibu na kumfuata mratibu. Aliyebaki haulizi mjomba alifanya nini, mara ngapi, wapi. Maswali hayo yana watu waliofundishwa kuyauliza, na mtoto akihojiwa mara nyingi na watu tofauti, maelezo yake huchanganyika na yeye mwenyewe huumia upya kila mara. Anasema tu, "Umefanya vizuri kusema. Sitakuacha peke yako. Mwalimu anakuja." Mratibu akifika, wasuluhishi wanaandika maneno aliyoyasema Neema kama yalivyotoka, wanamkabidhi karatasi hiyo, na wao wanatoka katika shauri lile. Asha ataombwa atunze aliyoyasikia, na mratibu atakaa naye pia siku hiyo hiyo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali ya eneo husika. Kwa mratibu na mkuu wa shule, hiyo maana yake ni afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba ya simu ya mtoto, 116, hupigwa bure, na ingefaa ibandikwe ukutani mwa chumba cha usuluhishi, mahali ambapo hata asiyethubutu kusema ataisoma akiwa amekaa.

Kuwafundisha, na kuwachagua

Mafunzo ya saa kumi na tano hadi ishirini yanatosha kuanzia, mradi yagawanywe kwa wiki kadhaa badala ya kumalizwa Jumamosi moja na soda. Zaidi ya nusu ya muda huo iwe mazoezi ya kuigiza, maana hakuna anayejifunza kusikiliza kwa kusikilizishwa mhadhara juu ya kusikiliza.

Ukikaa nyuma ya darasa wakati wa mazoezi hayo, unaona kosa lile lile likijirudia. Mwanafunzi anaanza vizuri, anasikiliza, anarudia, halafu anashindwa kujizuia: "Lakini si wewe ndiye uliyeanza?" Mkufunzi anasimamisha na kumwomba aulize tena. Anajaribu, "Kwa nini uliitupa sare?" Bado. "Kwa nini" masikioni mwa kijana wa sekondari ni sauti ya mwalimu wa nidhamu, na jibu lake ni kujitetea. Mara ya tatu anasema, "Ilikuwaje mpaka ukafika kwenye kamba?" na yule anayeigiza Neema, ingawa anajua ni mchezo, anaanza kueleza asubuhi yake yote. Darasa huelewa pale pale, bila mkufunzi kuongeza neno.

Zoezi jingine ambalo ningelipa muda mrefu ni la kusitisha. Wapewe hadithi inayoanza kama ugomvi wa kikokotoo, na katikati mmoja aseme jambo linaloonyesha hofu au madhara. Wajifunze kusema kwa sauti, "Hapa tunasimama," na kuinuka. Vijana huona aibu kusimamisha kikao, wanadhani wameshindwa. Wakufunzi wanapaswa kulisifu tendo hilo kuliko makubaliano yoyote.

Wachaguliwe kwa kura ya siri ya wanafunzi, wakijaza jibu la swali moja: ukiwa na ugomvi, ungependa nani akusikilize? Walimu wawe na haki ya kuuliza juu ya jina fulani, lakini si ya kuleta orodha yao. Matokeo yake mara nyingi huwashtua walimu, kwa sababu humo hutokea mcheza mpira asiye na alama nzuri, au msichana mwenye kelele ambaye kila mtu humkimbilia. Wazazi au walezi waombwe ridhaa, na shule ya wanafunzi mia sita ikiwa na wasuluhishi ishirini hivi wa kidato cha pili na cha tatu, inatosha. Kidato cha nne waachwe na mtihani wao.

Viranja nisingewaweka. Kazi ya kiranja ni kuandika majina ya wapiga kelele na kuyapeleka ofisini. Ni kazi halali, lakini aliyeandikwa jina Jumatatu hawezi kumfungukia mwandishi Jumatano.

Fimbo na kikao

Kanuni zetu bado zinaruhusu viboko shuleni, visivyozidi vinne, vikichapwa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye, na kuandikwa kwenye daftari maalumu. Sikubaliani na viboko, lakini hata mkuu wa shule anayevikubali analazimika kuamua jambo moja kabla ya kuanzisha usuluhishi: je, Neema akikiri ndani ya kikao kwamba aliitupa sare, ataadhibiwa kwa kukiri huko? Jibu likiwa ndiyo, au likiwa "tutaona", hakuna mwanafunzi atakayesema ukweli na kikao kitakuwa mashindano ya kukana. Njia iliyo wazi ni kugawa mapema. Shauri lililoingia kwenye usuluhishi na kupata makubaliano haliadhibiwi tena, na shauri linalostahili hatua za nidhamu haliletwi kwenye usuluhishi kamwe. Makamu mkuu wa shule na mwalimu wa nidhamu wawepo siku mgawanyo huo unapoandikwa, maana wao ndio watakaouvunja bila kujua wasiposhirikishwa.

Vilevile, kikao kisiwe adhabu. "Nendeni mkasuluhishwe, la sivyo mtaona" kunaondoa hiari, na bila hiari makubaliano ni utii tu.

Daftari linavyosema

Mratibu anapaswa kuwa na daftari fupi lisilo na simulizi: tarehe, majina na vidato vya waliohusika, shauri lilipokelewa au lilikataliwa, limepelekwa wapi, na wiki ya tatu ikoje. Likisomwa mwisho wa muhula, linaonyesha mengi. Muhula mzima usipokuwa na shauri hata moja lililokataliwa au kupelekwa kwa watu wazima, usifurahi. Katika shule ya bweni ya mamia ya vijana, hilo linaashiria kwamba mchujo haufanyiki, na ndoo za aina ya pili zinapita mezani. Kama walalamikaji karibu wote ni kidato cha kwanza na walalamikiwa ni madarasa ya juu, unachokitazama ni uonevu wa bweni zima, na dawa yake ni matroni kukaa bwenini usiku, vitanda kupangwa upya, na foleni ya maji kusimamiwa na mtu mzima. Jina moja likirudi mara ya tatu, na watu tofauti, hatoki tena kikaoni na karatasi ya makubaliano. Anahitaji mwalimu wa unasihi, na mara nyingine kuna jambo nyumbani kwake.

Wasuluhishi wenyewe wakutane na mratibu kila wiki, hata kama hakukuwa na shauri. Wengi wao hawajafikisha miaka kumi na minane, na kwa sheria ni watoto kama wale wanaowasikiliza. Msuluhishi aliyeacha kula vizuri, anayeomba kubadilishiwa bweni au ambaye alama zake zimeshuka ghafla baada ya kikao fulani, apumzishwe kwanza na aulizwe baadaye. Na akitaka kuacha kazi hiyo katikati ya muhula, aruhusiwe siku hiyo hiyo bila kutakiwa kutoa sababu.